Kufanya uamuzi, si kutenda uamuzi: dhana potofu kuhusu visawe

Dhana: Maneno yakiwa na maana moja, lolote kati yake laweza kukaa mahali pa mwenzake.

Ukitafuta *fanya* kwenye kamusi utaelekezwa kwenye *tenda*, na ukienda kwenye *tenda* kuna uwezekano mkubwa urudishwe kwenye *fanya*. Kwa hiyo mtu anayejifunza lugha hana kosa akidhani kwamba kwa kuwa watu husema "nimefanya uamuzi", basi na "nimetenda uamuzi" itapita. Haipiti. Msikilizaji ataelewa, lakini atajua papo hapo kwamba msemaji si mzoefu.

Kisawe hutuambia maneno mawili yanataja jambo moja. Hakituambii kila moja limezoea kuandamana na maneno gani. *Fanya* ni neno lenye marafiki wengi: kazi, biashara, mtihani, mazoezi, utafiti, sherehe, uamuzi. *Tenda* lina wachache, na wengi wao ni wa upande wa mema na maovu: dhambi, haki, wema, uovu, jinai. Ndiyo maana methali inasema "tenda wema nenda zako", na hakuna aliyewahi kuona haja ya kuibadilisha iwe "fanya wema".

Mfano unaofaa kuangaliwa kwa karibu ni *kosa*, kwa sababu linakubali vitenzi vyote viwili. Chukua sentensi hii: "Mwanafunzi alifanya makosa matatu kwenye hesabu." Ni ya kawaida kabisa. Sasa weka *alitenda* mahali pa *alifanya*. Hesabu ni zile zile na makosa ni matatu vilevile, ila ghafla mwanafunzi anaonekana kama amefikishwa kizimbani. Geuza upande wa pili: lugha ya sheria huandika kwamba mtu aliyekiuka kifungu fulani "atakuwa ametenda kosa". Ukiandika "atakuwa amefanya kosa", maana haipotei, ila uzito wa kisheria unalegea na sentensi inaanza kufanana na karipio la mzazi.

Kwa hiyo hata pale ambapo nafasi inaruhusu maneno yote mawili, kila moja huja na harufu ya mahali lilipozoea kukaa.

Dhana: Basi kuna kanuni ya maana, ukiishika, utajua kila neno linakwenda na lipi.

Hii ndiyo dhana inayowasumbua zaidi walimu na wafasiri makini, kwa sababu ina nusu ya ukweli. Nimetoka kusema *tenda* hupenda mambo ya maadili. Haya, *msamaha* ni jambo la maadili. Mbona hatusemi "kutenda msamaha"? Msamaha hutolewa au huombwa. Uongo nao ni dhambi, lakini husemwa, hautendwi. Toba mtu huifanya, au anatubu tu na yakaisha.

Kanuni inakusaidia kukisia, haikuhakikishii. Tena uhusiano wenyewe hauko sawa pande zote. Kwa kuwa *fanya* ni pana, mara nyingi laweza kuingia kwenye eneo la *tenda*: "kufanya dhambi" husikika, na hakuna atakayeshtuka. *Tenda* haliwezi kulipa deni hilo, kwani "kutenda biashara" na "kutenda mtihani" hazikubaliki. Ukishindwa kuamua kati ya visawe viwili, kile kipana ndicho chenye hatari ndogo. Utapoteza ladha kidogo, lakini hutachekesha.

Utaona mgawanyo huo hata kwenye majina yanayotokana na vitenzi hivi. Tuna mfanyakazi na mfanyabiashara, lakini tuna mtenda dhambi. Ofisini kuna katibu mtendaji na kamati ya utendaji, na hapo *tenda* limeingia kwenye utawala bila kuuliza habari za maadili. Isitoshe, mambo hubadilika. Msomaji wa Biblia anakumbuka "mavuno ni mengi, lakini watenda kazi ni wachache". Leo ukimwita mtu aliyeajiriwa kiwandani *mtenda kazi*, atadhani unamhubiria.

Dhana: Kama hayaandamani na maneno yale yale, basi si visawe.

Hapa kuna mambo mawili yanayochanganywa. Jaribio lake ni rahisi: badilisha neno, kisha jiulize kama habari yenyewe imebadilika au ni sikio tu linalokataa. Ukisema "alitenda mtihani", bado najua kilichotokea: mtu aliketi, akajibu maswali. Kilichoharibika ni mazoea ya lugha. Ukisema "alifaulu mtihani" mahali pa "alifanya mtihani", hapo umenipa habari nyingine kabisa, kwa hiyo hayo si visawe hata kidogo.

Ila uwe mwangalifu na kundi la katikati. *Kutoa uamuzi* na *kufanya uamuzi* yanafanana mno, lakini mahakama inapotoa uamuzi, huutangaza kwa wahusika. Mimi naweza kufanya uamuzi usiku nikiwa peke yangu na nisimwambie mtu. Tofauti hiyo ni ya maana, si ya mazoea.

Dhana: Huu mwandamano wa maneno ndio nahau.

Hapana. Kwenye *kukata tamaa* hakuna kinachokatwa, kwa hiyo maana ya kundi zima huwezi kuipata kwa kujumlisha maneno. Kwenye *kufanya uamuzi*, uamuzi ni uamuzi kweli. Ndiyo maana "uamuzi uliofanywa jana" ni sawa, lakini "tamaa iliyokatwa jana" inaleta kicheko.

Dhana: Ukijua mwandamano katika lugha moja, uhamishe tu kwenda nyingine.

Ndivyo "mvua nzito", iliyotoka kwenye "heavy rain" ya Kiingereza, ilivyoingia kwenye tafsiri nyingi. Kwa Kiswahili mvua huwa kubwa, usingizi na ukungu ndivyo huwa vizito, na jua, baridi na upepo huwa vikali. Sifa zote tatu zinasema jambo moja, yaani kiwango kimezidi, na bado kila nomino imejichagulia yake.

Dhana: Ukiwa na shaka, tafuta mtandaoni, chenye matokeo mengi ndicho sahihi.

Kutafuta ni wazo zuri, lakini Kiswahili hakitafutiki kwa mzizi mtupu. Ukiandika "fanya uamuzi" peke yake unaacha nje sehemu kubwa ya ushahidi, kwa kuwa kitenzi hubeba viambishi na nomino huweza kutangulia. Tafuta maumbo kadhaa, kila moja ndani ya alama za nukuu:

```
"kufanya uamuzi"
"alifanya uamuzi"
"uamuzi uliofanywa"
"uamuzi alioufanya"
```

Kisha rudia yale yale kwa *tenda*. Usiishie kwenye idadi. Fungua matokeo machache usome ni nani anayeandika. Sentensi moja iliyonakiliwa kwenye kurasa nyingi si ushahidi wa watu wengi, na tafsiri iliyofanywa haraka hutuonyesha mazoea ya lugha ilikotoka. Mkusanyo wa matini uliopangwa kwa ajili ya utafiti, kama ule wa Kiswahili ulioandaliwa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, hupunguza tatizo hili kwa sababu chanzo cha kila matini kinajulikana. Ukiona umbo fulani linatokea kwenye hukumu na vifungu vya sheria tu, kama ilivyo kwa "ametenda kosa" mara nyingi, usilihesabu kuwa kosa. Liandike pamoja na mahali lilipopatikana, maana hapo ndipo litakapokufaa.