Je, wajua "kuzaa" iliwahi kuwa na l?

"Vitabu vinaandika 'kuzaa' na 'njaa' kwa a mbili, lakini huku Lubumbashi tunasema 'kuzala' na 'njala'. Nani anakosea?"

Hakuna. Sauti l ilikuwapo tangu zamani, Kiswahili cha pwani kikaiangusha. Mimi niliamini kinyume kwa miaka mingi. Mama wa soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, akisema "mutoto iko na njala", nilijua moyoni kwamba njala ni njaa iliyoharibika, na kwamba sisi wa huku ndio tuliochomeka l pasipotakiwa. Ningesikiliza Kibemba kidogo ningeaibika mapema: kuzaa ni fyala, kuvaa ni fwala, kukaa ni ikala, njaa ni nsala. Lugha ndugu haziwezi kuongeza sauti ileile, mahali palepale, kama zilizokula njama. Ni rahisi zaidi kukubali kwamba moja imepoteza.

Fikiria vyumba viwili vyenye ukuta katikati. Ukuta ukibomolewa, nafasi inabaki ya vyumba viwili. Ndivyo ilivyo kwa zala: l imetoka, a zote mbili zimebaki, kila moja na silabi yake. Ku-za-a ni silabi tatu, mkazo uko kwenye za. Ukibana a moja unapata "kuza", ambalo ni neno jingine kabisa: kufanya kitu kikue.

Ukuta wenyewe haukutupwa mbali. Geuza kitenzi kiwe cha kutendwa au kutendea, utauona umerudi: zaa, zaliwa, kaa, kalia, kataa, kataliwa. Hata fungua hutoa funguliwa, na huku kwetu watu bado wanasema kufungula.

Kipimo hiki kina mipaka. L haikuanguka kila mahali, maana pwani nako wanasema "kulala", si "kulaa". Na saa, jamaa na maana havihusiki: ni maneno ya Kiarabu, na kilichoanguka humo ni ile sauti ya koo iitwayo ain.

Nilipoorodhesha irabu zinazofuatana, iliyonishinda ni hii: "Simu yangu, mwizi aliiiba." I tatu, na si kosa la kidole. Hapa hakuna kilichoanguka. Vipande vimegongana tu: a ya mwizi, li ya wakati uliopita, i ya simu, kisha iba. Ukifuta i moja, "aliiba" nalo ni neno sahihi, ila limeacha kuitaja simu, kwa hiyo msahihishaji hawezi kujua kama uliteleza au ulikusudia. Kwa u ni vilevile: chumvi nyingi kwenye mizizi ya mti inaweza kuuua.