Mviringo, Pembetatu na Mraba: Alama ya Usalama Iseme Nini na Ikae Wapi

Katika karakana moja ya samani huku Eneo la Viwanda, Nairobi, kuna alama mbili nyekundu kwenye ukuta mmoja. Ya kwanza ni mviringo mweupe wenye ukingo mwekundu, na mstari mwekundu umekata juu ya mchoro wa sigara. Ya pili ni mraba mwekundu wenye mchoro mweupe wa mtungi wa kuzima moto. Moja inakwambia usifanye jambo fulani. Nyingine inakwambia kifaa cha kukabili moto kiko hapa. Rangi ni ileile, lakini maana ni mbali kabisa, na kinachozitenganisha ni umbo.

Ndiyo maana sisi tunaokagua usalama kazini huwafundisha wafanyakazi umbo kwanza, rangi baadaye, mchoro mwisho. Rangi hupotea haraka kuliko watu wanavyodhani. Chini ya zile taa za manjano za uani, nyekundu huonekana kama kahawia. Moshi ukijaa, rangi zote hufifia. Tena kuna wafanyakazi, hasa wanaume, ambao tangu kuzaliwa macho yao hayatofautishi vizuri nyekundu na kijani, na wengi wao hawajawahi kumwambia msimamizi. Mtu kama huyo bado anaona kwamba hii ni duara na ile ni mraba.

Viwango vya kimataifa vinavyofuatwa ni ISO 3864, kinachopanga maumbo na rangi, na ISO 7010, chenye michoro yenyewe. Alama ya kukataza ni duara jeupe lenye ukingo mwekundu, mchoro mweusi, na mstari mwekundu unaoshuka kutoka juu kushoto hadi chini kulia. Nyekundu isipungue asilimia 35 ya alama nzima. Kiasi hicho kina sababu yake. Alama nyingi za bei nafuu zina ukingo mwembamba kama uzi, na zikibandikwa getini jua huipiga ile nyekundu kabla ya nyeusi. Baada ya muda hubaki duara jeupe na sigara nyeusi katikati, na mgeni asiyejua anaweza kudhani amefika mahali pa kuvutia sigara. Nyekundu ikishaanza kuwa ya waridi, alama hiyo ibadilishwe.

Alama ya tahadhari ni pembetatu ya njano yenye ukingo mweusi na mchoro mweusi. Madereva wetu wamezoea pembetatu nyeupe yenye ukingo mwekundu barabarani, kwa hiyo wenye karakana wengine huagiza hiyo hiyo kwa ajili ya mashine. Kazini, pembetatu ni ya njano. Alama ya lazima ni duara la buluu lenye mchoro mweupe, kama vile kichwa kilichovaa vikinga masikio. Alama ya hali salama ni mraba au mstatili wa kijani wenye mchoro mweupe: mlango wa dharura, huduma ya kwanza, mahali pa kukusanyikia. Katika hizi tatu, rangi ya usalama ijaze angalau nusu ya eneo la alama.

Hapo kwenye huduma ya kwanza kuna kosa ninalolikuta karibu kila mahali: msalaba mwekundu juu ya kisanduku cheupe. Nembo hiyo inalindwa na Mikataba ya Geneva ya 1949, na si pambo la kisanduku cha bandeji. Kisanduku cha kazini kinataka msalaba mweupe juu ya kijani. Na faida yake ni kubwa kwa aliyeumia, kwa sababu karibu na mashine, rangi nyekundu imeshapewa kazi ya kukataza na ya kuonyesha vifaa vya moto. Mtu anayevuja damu asiachwe akisaka kijani huku kisanduku kimejificha kwenye nyekundu.

Sasa turudi kwenye karakana ile tuone mahali pa kuweka, maana hapo ndipo kazi huharibika hata pale alama zenyewe zilipochapwa sawasawa. Ina uwanja wa kupakulia mbao, ukumbi mmoja wa misumeno na mashine za randa, na chumba cha kupulizia vanishi kilichojengwa kando. Getini palikuwa na ubao mkubwa wenye alama zaidi ya kumi: vaa kofia ngumu, vaa miwani, vaa vikinga masikio, usivute sigara, hatari ya umeme, hatari ya kuteleza, na kadhalika. Ndani ya ukumbi hapakuwa na chochote isipokuwa ile jozi nyekundu na alama ndogo ya kijani kwenye mlango wa nyuma. Nilipouliza kuhusu ule ubao, fundi mkuu alinijibu kwa heshima, “Madam, hizo ni za wageni. Sisi tunajua.”

Hakuwa mbishi. Alikuwa anaeleza jinsi ubao huo unavyofanya kazi. Alama inayokuamuru uvae vikinga masikio getini, mahali ambapo hakuna kelele, unaipita bila kutii na hakuna kinachokupata. Ukifanya hivyo kila asubuhi, jicho linajifunza kuipuuza. Halafu ukifika kwenye msumeno, hakuna alama.

Tuliuvunja ule ubao na kila alama ikapelekwa mahali pake. Duara la buluu la vikinga masikio lilihamia kwenye mlango wa kuingilia ukumbi wa mashine, usawa wa macho, na vikinga vyenyewe vikatundikwa chini yake. Alama ya lazima hukaa mahali ambapo wajibu unaanza, na kitu inachokuamuru uvae kiwe mahali mkono unapofika. Ikiwa vikinga vimefungiwa kwenye kabati la ofisi, agizo hilo halitekelezeki. Mlango huohuo ulikuwa na pembetatu ya kelele peke yake. Pembetatu inatoa habari kwamba hatari ipo, lakini haiamuru kuvaa kitu. Ukitaka watu wavae, weka buluu. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 kuhusu kelele kazini zimeweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa 8, na ukumbi wa misumeno unaweza kupita hapo kwa urahisi.

Chumba cha vanishi kilihitaji utaratibu mwingine. Mvuke wa thina huenea, haungoji mtu avuke kizingiti. Tahadhari lazima ionekane kabla ya hatari, mtu akiwa bado na nafasi ya kusimama na kuamua. Kwa hiyo pembetatu yenye mwali wa moto iliwekwa pembeni, hatua kadhaa kabla ya mlango, mahali ambapo mtu anayetoka uani na sigara au simu sikioni anaiona angali nje ya mvuke. Duara la kukataza moto wa wazi liliwekwa pia, kwanza pale na tena mlangoni kwenyewe. Alama mbili za aina tofauti zinaweza kukaa pamoja bila shida. Zikifika nne au tano, watu hawasomi hata moja.

Niseme wazi kwamba alama hizi hazikuondoa mvuke. Feni ya kuvuta hewa na swichi zisizotoa cheche ndizo zenye kazi hiyo. Vilevile pembetatu iliyobandikwa kwenye msumeno usio na kinga ya meno ni ushahidi kwamba mwenye karakana anaijua hatari na ameiacha.

Kijani kinadai kazi zaidi kuliko rangi nyingine zote, kwa kuwa kinatakiwa kuonekana na mtu aliyetishika, penye moshi, na pengine stima ikiwa imepotea. Ukumbi ule una mlango wa dharura upande wa nyuma. Kutoka kwenye benchi la mbali kabisa hadi pale ni mita 24. Alama iliyokuwapo ilikuwa na urefu wa milimita 100 tu kutoka juu hadi chini. Kanuni ya kukadiria ni nyepesi: alama inayomulikwa na mwanga wa kawaida inasomeka kwa umbali wa mara 100 ya urefu wake. Milimita 100 inakupa mita 10. Fundi wa benchi la mwisho hakuwa na alama, alikuwa na doa la kijani. Kwa mita 24 anahitaji milimita 240, au alama yenye taa ndani yake, ambayo husomeka kwa mara 200 na hivyo milimita 120 zingetosha. Karakana ilichagua yenye taa na betri, kwa sababu stima hukatika na jenereta huchukua muda kuwaka.

Alama zinazong'aa gizani bila betri nazo zinafaa, lakini kwa sharti moja: zinahitaji kupata mwanga wa kutosha kabla ya giza kuingia. Ukiibandika kwenye stoo ambayo taa huzimwa mchana kutwa, haitakuwa na mwanga wa kukupa.

Ile ya zamani ilikuwa imebandikwa kwenye bamba la mlango lenyewe. Mlango ukifunguliwa, alama inageukia ukutani na aliye nyuma haioni. Mahali pake ni juu ya fremu, kati ya mita 2 na 2.5 kutoka sakafuni, ili isizibwe na vichwa vya watu wala rundo la mbao. Kisha panapokunja njia pawekwe nyingine yenye mshale, ili ukisimama chini ya alama moja uione inayofuata. Yule mtu anayekimbia kwenye mchoro aelekee upande uleule wa mshale. Nimekuta mahali mtu anakimbilia kushoto na mshale unaonyesha kulia, kwa sababu stika ya upande sahihi ilikuwa imeisha dukani.

Kupima ni rahisi. Jioni mashine zikishazimwa, zimeni taa zote, kila mmoja akiwa kwenye benchi lake, kisha aonyeshe kwa kidole njia ya kutokea. Asiyeona alama kutoka pale aliposimama amewaonyesha mahali pa kuongeza nyingine.

Tulipofika kwenye mlango wenyewe, ulikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa kwa meneja. Walihofia wizi wa mbao, na hofu hiyo naielewa. Lakini Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka mlango wa kutokea ufunguke kwa urahisi na mara moja kutoka ndani wakati wote watu wakiwa kazini. Kufuli iliondolewa, ikawekwa komeo ya kusukuma kwa mwili, isiyofunguka kutoka nje, pamoja na king'ora kinacholia mlango ukisukumwa. Siku ambayo mlango huo utalazimika kuzibwa, hata kwa ukarabati wa mchana mmoja, alama ya kijani iliyo juu yake ifunikwe saa hiyohiyo na mshale uelekezwe mlango mwingine kabla ya mtu yeyote kurudi kwenye benchi.