Bikoni iliyohama: jinsi tunavyofufua mpaka wa kiwanja cha urithi

Ninapoitwa kwenye ugomvi wa mpaka, siuanzii kwenye uzio unaogombewa. Huomba kwanza namba ya kiwanja, kisha hutafuta ramani ya upimaji iliyoidhinishwa, kwa sababu humo ndimo mna umbali kati ya bikoni na bikoni, yaani alama za zege zinazowekwa kwenye kona za kiwanja, pamoja na majira ya nukta ya kila moja, yaani namba zinazoonyesha mahali ilipo.

Chukua kiwanja kimoja cha mjini hapa Tanzania, cha mita 20 kwa 30, ambacho watoto walirithi kutoka kwa baba yao. Upande wa barabarani, kutoka bikoni ya kushoto hadi ya kulia palikuwa na mita 18.60 tu, na jirani wa kulia alikuwa amejenga uzio kwa kuifuata bikoni hiyo. Kijana wa marehemu alikuwa amesoma majira ya nukta kwenye simu akaona yamepishana na ramani kwa karibu mita 300, akadhani ramani nzima ni ya uongo. Nilimweleza kuwa ramani nyingi za zamani zilipimwa kwa mfumo wa majira wa Arc 1960, ilhali simu husoma mfumo mwingine, WGS84, kwa hiyo tofauti hiyo haina uhusiano wowote na jirani yake.

Bikoni moja haiwezi kujishuhudia. Nilipima bikoni za viwanja vya jirani, majirani wote wanaopakana wakiwepo pamoja na mwenyekiti wa mtaa, na tatu kati yake zikakubaliana na ramani kwa tofauti ya sentimita chache. Kutoka kwenye hizo tatu nilikokotoa mahali ambapo bikoni ya kulia ilipaswa kuwa, tukachimba polepole, na chini kidogo ya udongo tukakuta kipande cha zege la zamani chenye nondo iliyokatika na kushika kutu. Bikoni iliyokuwa ikionekana juu ilikuwa na zege jipya. Kwa kuwa ya nyuma haikuwa imeguswa, eneo lililomegwa lilikuwa pembetatu ya mita za mraba 21. Nani aliihamisha sikuandika, kwani vipimo havionyeshi hilo.

Jirani alikubali kurudisha uzio, lakini akadai njia ya mkato aliyoruhusiwa na marehemu kwa mdomo. Kwenye ramani njia hiyo haikuwepo, na kiwanja chake kina barabara mbele. Mimi kama mpima siwezi kumpa njia isiyo kwenye ramani, wala siwezi kumzuia asiidai kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambako taarifa yangu ingekuwa ushahidi tu. Warithi, kwa hiari yao, walimwachia ukanda wa mita 1.5 kandokando ya mpaka. Nikauchora kwa vipimo, nikawasihi waupeleke kwa Msajili wa Hati, kwa sababu karatasi waliyosaini wenyewe haitamfunga mtu atakayekuja kukinunua kiwanja hicho.