Kwa nini spika za masikioni za Bluetooth hukuvurugia gemu za midundo

Ucheleweshaji wa sauti ni muda unaopita tangu gemu itoe amri ya mlio hadi mlio huo ufike sikioni mwako. Ukisikiliza muziki tu huwezi kuutambua, kwa sababu wimbo mzima umechelewa kwa pamoja. Hata kwenye video mara nyingi hauonekani: programu inayoonyesha video inajua sauti itachelewa, basi nayo inaichelewesha picha ili viende sawa. Gemu ya midundo, ambamo unagonga kioo kwa kufuata mapigo ya wimbo, ndiyo inayoumbuka, kwa sababu humo kuna kitu cha tatu kisichoweza kucheleweshwa wala kutabiriwa, yaani kidole chako.

Muda huo unapotelea wapi? Simu huibana sauti kwanza kwa kodeki, kwa kawaida SBC au AAC, kisha huifunga kwenye vifurushi na kuvirusha kwa redio ya 2.4 GHz, masafa yale yale yanayotumiwa na Wi-Fi nyingi. Kifurushi kikipotea, kinatumwa upya. Ili wimbo usikatike-katike wakati huo, spika huweka akiba ya sauti kabla ya kuanza kuipiga. Ni kama simtanki la nyumbani: bomba likikatika hamkosi maji, lakini maji yanayoingia sasa hivi lazima yasubiri nyuma ya yale yaliyotangulia. Sehemu kubwa ya ucheleweshaji iko kwenye hiyo akiba, na kwa SBC au AAC jumla yake mara nyingi hufika milisekunde 150 hadi 250.

Tuchukue osu!, mojawapo ya gemu hizo, kwenye wimbo wenye ugumu wa OD 5; OD ni kipimo cha ukali wa gemu kuhusu muda wa kugonga. Ukigonga ndani ya milisekunde 50 za wakati sahihi, kabla au baada, unapata pointi 300. Hadi milisekunde 100 unapata pointi 100, hadi milisekunde 150 unapata pointi 50, na zaidi ya hapo umekosa. Sasa vaa spika zinazochelewa kwa milisekunde 200. Ukigonga pale pale unaposikia pigo, gemu inahesabu kwamba umechelewa kwa 200. Umekosa, na sikio lako linaapa kwamba ulikuwa sawa.

Kabla ya kulaumu spika, angalia kwenye matokeo jinsi makosa yako yalivyokaa. Yakiwa yamerundikana upande mmoja, yote yamechelewa kwa kiasi kinachokaribiana, tatizo ni sauti. Yakiwa yametawanyika huku na huku, tatizo ni mikono, na mazoezi ndiyo dawa yake.

Gemu nyingi za aina hii zina mpangilio wa kusogeza sauti, kwenye osu! unaitwa offset. Unafanya kazi kwa sababu wimbo unajulikana mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo gemu inaweza kuutanguliza milisekunde 200 ili ufike sikioni kwa wakati. Lakini mlio wa kugonga hautanguliziki, maana hautokei mpaka uguse kioo. Kwenye wimbo wa mapigo 180 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 333 na nusu pigo ni 167. Ukigonga kila nusu pigo, mlio wa mguso wa kwanza unakufikia baada ya kugonga mara ya pili. Mimi huwashauri watu wanaolazimika kutumia Bluetooth wazime kabisa milio hiyo, kuliko kuiacha iwayumbishe. Tena kiasi cha kuchelewa kinaweza kubadilika ukiunganisha upya, na hesabu yako ya jana ikawa bure.

Waya unaondoa safari yote hiyo: hakuna vifurushi, hakuna simtanki. Kinachobaki ni ucheleweshaji wa simu yenyewe, ambao ni mdogo zaidi na hautikisiki ovyo. Simu isiyo na tundu la hedifoni itahitaji adapta ya USB-C, na iliyo salama kununua ni ile yenye chipu ya sauti ndani yake, kwa sababu adapta za waya mtupu hazikubaliwi na kila simu. Angalia pia usidanganywe na spika za kuvaa shingoni: waya wake unaunganisha sikio na sikio tu, kwenye simu bado ni Bluetooth.

Usipotaka waya kabisa, kuna njia tatu. Spika nyingi zina hali ya gemu, ambayo hupunguza akiba. Ucheleweshaji unashuka, ila sauti hukatika kirahisi mawimbi yakisongamana. Kodeki ya aptX Low Latency hufika karibu milisekunde 40, mradi simu na spika zote ziwe nayo; simu ikikosa, vinarudi kimyakimya kwenye SBC au AAC. Ya tatu, ninayoipendelea, ni hedifoni zinazokuja na kifaa chake kidogo cha kuchomeka USB, kwa sababu haziitegemei Bluetooth ya simu hata kidogo.

Ukibadilisha kifaa, rudisha offset kwenye sifuri kisha upime upya. Ukiacha ile 200 ya Bluetooth halafu ukachomeka waya, wimbo utakutangulia kwa milisekunde hizo hizo, na safari hii makosa yote yatarundikana upande wa kuwahi.