Je, wajua? Barbie mwenye "1966" mgongoni huenda aliuzwa mwaka 1992

"Nina Barbie wa zamani, nimempiga picha. Mgongoni ameandikwa 1966. Ni toleo gani, na nikimuuza nitapata bei gani?"

Karibu kwa hakika hakutengenezwa mwaka huo. 1966 ni mwaka wa hakimiliki ya kiwiliwili chenye kiuno kinachozunguka. Wanasesere wa kwanza wa kiuno hicho waliingia madukani mwaka 1967, kisha kampuni ya Mattel ikaendelea kutumia alama ileile hadi miaka ya 1990, huku ikibadilisha mikono, miguu na nyuso.

Chanzo cha mkanganyiko ni kalibu. Mfyatua matofali akichonga mwaka ndani ya kalibu yake, kila tofali litakalotoka humo litabeba mwaka huo, hata kalibu ikirithiwa na mwanawe na kutumika miaka 30 baadaye. Mwaka unaeleza kalibu ilipoanzia. Hauelezi tofali lilifyatuliwa lini. Na kama ukuta umejengwa kwa matofali ya kalibu mbili, utakuta miaka miwili tofauti kwenye ukuta mmoja.

Barbie ni ukuta wa namna hiyo, kwa sababu kichwa kina kalibu yake. Mwaka wa kichwa uko kwenye ukingo wa nyuma ya shingo, umefunikwa na nywele, na ndiyo maana wengi hawauoni. Uso wa tabasamu pana uitwao Superstar una mwaka 1976, nao pia ulitumika hadi miaka ya 1990. Ukikuta 1966 mgongoni na 1976 shingoni, umeshajua kuwa mwanasesere hawezi kuwa wa kabla ya 1976, lakini bado hujajua ni wa lini hasa. Jina la nchi lililo karibu na mwaka husaidia kidogo: Japani huelekeza kwenye miaka ya mwanzo, ilhali Malaysia, China au Indonesia huelekeza mbele zaidi.

Kinachotambulisha toleo kwa kawaida ni nywele, rangi za uso na nguo. Tuseme picha inaonyesha nywele za mawimbi zinazofika miguuni na gauni fupi la kubana lenye michirizi ya rangi kali. Huyo ni Totally Hair wa mwaka 1992. Mgongoni ana 1966, kichwani 1976, na boksi lake lina 1991, kwa kuwa boksi huchapwa kabla ya bidhaa kufika dukani. Kati ya miaka yote mitatu, ni huo wa boksi tu unaokaribia ukweli. Toleo hili lilirudiwa mwaka 2017 kuadhimisha miaka 25, kwa hiyo picha ya boksi, mbele na nyuma, ni ya lazima. Bila boksi, piga picha ya shingo huku nywele zimeinuliwa, kwa kuwa kichwa kinaweza kuwa kimehamishwa kutoka kwa mwanasesere mwingine.

Sasa bei. Totally Hair waliuzwa zaidi ya milioni 10, kwa hiyo mwanasesere mwenyewe si adimu hata kidogo. Kilicho adimu ni yule ambaye hajachezewa: boksi halijafunguliwa, mawimbi ya nywele hayajapitishwa kitana, na jeli ya nywele aliyouzwa nayo bado imo. Mtoto aliyepewa mwanasesere wa nywele alizichana, na hapo ndipo thamani ilipoanza kushuka. Aliyetolewa kwenye boksi, mwenye nywele zilizotimka na asiye na gauni, kwa kawaida huuzwa kwa dola chache tu.

Usitazame bei wanazotaja wauzaji; mtu anaweza kutaja dola 900 na tangazo likakaa miaka. Kwenye eBay chagua Sold Items, uone kilicholipwa kweli, kisha chukua wale walio katika hali sawa na wako. Kwa mfano, kama watano waliuzwa kwa dola 35, 50, 55, 60 na 140, shika 55. Ile 140 mara nyingi ina sababu isiyoonekana kwenye kichwa cha tangazo, kama wanasesere wawili kuuzwa pamoja. Toa ada ya soko na posta, ndipo ubaki na makadirio yako.

Makadirio hayo yana mpaka wake, kwa kuwa picha haionyeshi harufu ya sigara wala plastiki iliyoanza kunata. Na ukiwa wewe ndiye mnunuzi, kwa Barbie wa zamani zaidi waliovishwa hereni za chuma, omba picha ya karibu ya masikio. Kutu ya kijani ya hereni hupenya ndani ya plastiki na kuacha doa, na muuzaji aliyepiga picha nywele zikiwa zimeanguka mbele ya masikio aombwe nyingine.