Mkaa hauhesabiwi: Kp na Kc moli zinapobadilika

"Mwalimu, C(s) + CO₂(g) ⇌ 2CO(g) ina moli mbili kila upande, kwa hiyo Kp si ni sawa na Kc?" (Mwanafunzi wa kidato cha sita, Tabora)

Hapana. Kwenye Kp = Kc(RT)^Δn, Δn huhesabu moli za gesi peke yake. Mkaa ni yabisi. Uwe kipande au gunia zima la barabara ya Urambo, hauingii. Basi Δn = 2 − 1 = 1.

Tuseme umepewa Kp = 1.9 kwa kelvini 1000, kanieneo likiwa katika atm. R ni 0.0821, hivyo RT ni 82.1 na Kc = 1.9/82.1 = 0.023. Ukichukua R ya 8.314 huku kanieneo ni atm, jibu linaharibika kimyakimya.

Sasa fungia CO₂ ya atm 1 pamoja na mkaa wa kutosha kwenye chombo kisichotanuka. CO₂ ikipungua x, CO huongezeka 2x, na hapa ndipo wengi huandika x tu. Kwa hiyo (2x)²/(1 − x) = 1.9, yaani 4x² + 1.9x − 1.9 = 0, na x ni 0.49. CO inakuwa atm 0.98, CO₂ 0.51. Jumla ni 1.49: kanieneo limepanda, kwa sababu moli za gesi zimeongezeka kweli.