Kukandamiza mfinyanzi bila shinikizo la pembeni: jinsi ya kuisoma 138 kPa

Ripoti nyingi za udongo zinazoletwa mezani hapa Moshi zina mstari mmoja ambao mwenye kiwanja huukimbilia kwanza: nguvu ya mfinyanzi kwa kukandamizwa, kPa kadhaa. Akishaiona namba anaigawa kwa mbili, anaitafutia mahali kwenye jedwali la vitabu, kisha anachora msingi. Kipimo chenyewe ni cha bei nafuu na kinaisha ndani ya dakika kumi, kwa hiyo kitaendelea kutumika, nami sina ugomvi nacho. Ila namba yake inategemea kitu ambacho hakiandikwi kwenye ripoti, yaani maji yanavyozivuta chembe za udongo zishikamane. Ukilielewa hilo, sehemu kubwa ya makosa ya kipimo hiki inajieleza yenyewe.

Tuchukue mfano wa udongo mweusi wa mbuga, nyanda za chini kusini mwa mji kuelekea Kahe, mita 1.5 chini ya uso wa ardhi, umetolewa mwisho wa kiangazi kabla ya masika. Bomba la sampuli la mm 100 limefunguliwa maabara, na kutoka usawa mmoja vimekatwa vipande vitatu vya mviringo, kila kimoja kipenyo mm 38 na urefu mm 76. Urefu uwe mara mbili ya kipenyo. Kipande kikiwa kifupi zaidi, msuguano wa sahani za juu na chini unakibana hadi katikati na namba inapanda kwa uongo. Kikiwa kirefu sana kinapinda kabla ya kukatika. Ncha zikatwe kwa waya ndani ya kalibu, ziwe bapa na sambamba. Ncha zilizopinda utazijua kwenye grafu, kwa sababu mwanzo wake unalala kwanza kisha ndipo unapanda.

Kipande kinasimamishwa kwenye mashine kikiwa uchi, bila mpira wa kukivisha na bila maji ya kukizunguka. Sahani inapanda kwa kasi ya mm 1.5 kwa dakika, yaani kama asilimia 2 ya urefu. Fundi sanifu anasoma geji mbili, ya kufupika kwa kipande na ya pete ya kupimia nguvu, kila nusu milimita mwanzoni. Anaendelea mpaka mzigo ufike kileleni na kuanza kushuka. Udongo laini unaweza kukataa kufika kileleni ukabaki unavimba tumbo tu. Hapo, kwa utaratibu wa Kiingereza wa BS 1377, unasimama kipande kikifupika asilimia 20 na kusoma mkazo wa hapo.

Kipande cha kwanza kilifika kileleni pete ikisoma vigawanyo 85, na kila kigawanyo cha pete ile ni N 2, kwa hiyo mzigo ni N 170. Kilikuwa kimefupika mm 6.1, sawa na asilimia 8. Eneo la mwanzo ni mm² 1134. Lakini kipande kinachofupika kinanenepa, na mzigo unabebwa na eneo la wakati huo, si la mwanzo. Hapa chini A ni eneo hilo, qu ni mkazo uliovunja kipande, na cu ni nguvu ya udongo ya kukatika:

```
A  = 1134 / (1 - 0.08) = 1233 mm²
qu = 170 / 1233 = 0.138 N/mm² = 138 kPa
cu = qu / 2 = 69 kPa
```

Asiyesahihisha eneo anapata 150 kPa. Ni kosa la kawaida, na ni rahisi kulikamata: chukua mzigo, gawanya kwa 1134, uone kama ndiyo namba iliyoandikwa kwenye ripoti.

Kugawa kwa mbili kunatokana na dhana moja. Ikiwa nafasi zote kati ya chembe zimejaa maji, na mzigo unakuja upesi kiasi kwamba maji hayapati muda wa kutoka, basi kuubana udongo pembeni hakuuongezei nguvu, kwa kuwa maji ndiyo yanayobeba shinikizo lile. Nguvu ya kukatika inakuwa namba moja tu, nusu ya mkazo uliovunja kipande. Dhana hiyo ikianguka, hesabu ya nusu nayo inaanguka.

Sasa jiulize: kipande kimesimama hewani, hakuna kinachokibana, mbona hakimwagiki? Ardhini kilikuwa kimebanwa na udongo wa juu yake na wa pembeni. Ulipokitoa, kilitaka kutanuka, lakini maji ndani ya vijitundu vyake hayakukubali, yakavutika. Mvuto huo wa maji ndio unaozibana chembe badala ya uzito wa ardhi. Sampuli ikiwa nzuri, unakaribiana na mbano uliokuwepo chini. Kwa hiyo chochote kinachouchezea mvuto huo kinaichezea namba.

Kinachoupunguza kwanza ni mtikisiko. Bomba la ukuta mnene likigongwa kwa nyundo linavuruga udongo wa kandokando, na kadiri ukuta unavyonenepa ndivyo inavyozidi. Bomba la ukuta mwembamba likisukumwa taratibu ni bora zaidi. Halafu sampuli inalazwa nyuma ya pikapu, inapigwa na barabara ya vumbi, inasukumwa kutoka kwenye bomba, inakatwa tena. Kila hatua inakula mvuto kidogo, na mfinyanzi laini unaumia kuliko mgumu. Dalili yake ni grafu isiyo na kilele, na kipande kilichovimba bila mpasuko huku udongo ule ukiwa mgumu ulipotolewa. Ukiwa na mshipa wa mchanga mwembamba ndani yake, hewa inaingia na mvuto wa mahali hapo unakufa kabisa.

Kukauka kunafanya kinyume, na kwetu ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi. Kipande chetu kina uzito wa gramu 160 hivi na unyevu wa asilimia 31, maana yake udongo mkavu ni gramu 122. Kikipoteza gramu 1.2 tu za maji, unyevu umeshuka asilimia moja. Kiasi hicho kinaweza kuondoka kikiachwa wazi karibu na feni huku fundi akimalizia cha pili na cha tatu. Mvuto unapanda, namba inapanda, na hakuna atakayeona kwa macho. Ndiyo maana bomba lizibwe kwa nta ncha zote mbili, likae kivulini, na kipande kisichotumika kifungwe nailoni. Pima uzito wa kipande mara tu kinapokatwa, kisha tena kabla ya kukiweka kwenye mashine. Tofauti ikizidi gramu moja, iandike.

Hata bila uzembe wowote, udongo wenyewe ulikuwa umekauka ardhini. Ukichukua uzito wa chembe kuwa mara 2.70 ya uzito wa maji ya ujazo ule ule, vipimo vya kipande chetu vinaonyesha nafasi zake zimejaa maji asilimia 92 hivi. Zilizobaki zina hewa. Dhana ya kwamba kubanwa hakuongezi nguvu haijatimia sawasawa, na sehemu ya zile 138 kPa ni mvuto wa kiangazi. Masika ikinyesha wiki kadhaa na maji yakashuka, mvuto huo unapungua na nguvu inakwenda nao. Kipimo kimekupa nguvu ya udongo wa Februari, nawe unajengea na Aprili pia. Udongo mwekundu wa volkano wa miteremkoni, Kibosho au Machame, una tabia hiyo hiyo pale unapokuwa haujajaa maji.

Turudi kwenye vipande viwili vilivyobaki. Cha tatu kilitoa 151 kPa, karibu na cha kwanza. Cha pili kilitoa 82, kikakatika kikiwa kimefupika asilimia 2.5 tu, na ulipofunguliwa mpasuko uso wake ulikuwa unang'aa kama umepigwa sabuni. Huo si mpasuko wa mashine. Ni ufa wa zamani wa udongo wa mbuga, unaozaliwa na kuvimba na kusinyaa kila mwaka. Wengi hukitupa kipande hiki kuwa kibovu, au hutoa wastani wa vitatu na kuandika 124. Mimi naona yote mawili si sawa. Wastani unaficha kwamba kuna aina mbili za kuvunjika. Nacho kipande kibovu kinatuambia jambo ambalo vile vizuri vimelikwepa kwa bahati, maana kipande cha mm 38 kinaweza kukaa katikati ya nyufa mbili, lakini msingi wa sentimita 60 hauna pa kuzikwepa. Kwa kweli kipimo hiki kinauonea kidogo udongo wenye nyufa, kwa kuwa hakuna cha kuzifumba pembeni, ila hilo si kosa la hatari.

Kuna makosa mengine yanayofutana. Kuvunja kipande kwa dakika nne kunaipa nguvu ya juu kuliko mzigo unaopanda kwa miezi ya ujenzi, na kukikandamiza wima ndiko kunakotoa nguvu kubwa kuliko pande nyingine za mkatiko chini ya msingi. Mtikisiko unaishusha. Mara nyingine jumla inaangukia karibu na ukweli, na ndiyo sifa nzuri ya kipimo hiki. Shida ni kwamba huwezi kujua kama ya leo imeangukia.

Kwa 69 kPa, msingi mrefu unakupa 5.14 × 69 ÷ 3, ambapo 5.14 ni namba ya nadharia ya msingi mrefu juu ya mfinyanzi na 3 ni kigawanyo cha usalama, yaani karibu 118 kPa za kubeba kwa usalama. Kwa kipande cha pili, cu ni 41 na jibu ni 70 kPa. Ukuta wa tofali za saruji wa nyumba ya chini yenye bati, ukiwa na kN 30 kwa mita juu ya msingi wa mita 0.6, unasukuma 50 kPa. Ningetumia 70, na nyumba hiyo bado inabebeka. Kwa ghorofa nisingeamua kwa namba hii peke yake. Ningeomba kipimo cha kukandamiza chenye shinikizo la pembeni kwa vipande vya mm 100, na kipimo cha visu vya kuzungusha ndani ya shimo lenyewe kwenye tabaka laini.

Lakini nyumba za chini zinazopasuka mbugani mara nyingi hazipasuki kwa kuzama. Udongo unavimba masika, unasinyaa kiangazi, pembe za nyumba zinapanda na kushuka kuliko katikati, na ukuta unachanika kimshazari kuanzia kona ya dirisha. Kuhusu hilo 138 kPa haina la kusema, na udongo mgumu wa kiangazi unaotoa namba nzuri ndio wenye kiu kubwa ya maji. Omba kikomo cha umajimaji na cha ufinyangikaji, na kipimo cha kuvimba, kutoka kwenye bomba lile lile. Na kwenye karatasi ya matokeo dai uandikiwe tarehe ya kuchimba, tarehe ya kupima, unyevu, uzito kwa ujazo, asilimia ya kufupika wakati wa kuvunjika, na mchoro wa jinsi kila kipande kilivyokatika.